Barua ya wazi kuhusu mama aliyeiona ajali kwa macho yake

Kwa Kamishna wa Bima, Kamanda wa Kikosi cha Usalama Barabarani Kanda Maalumu ya Dar es Salaam, Mganga Mkuu wa Mkoa, na Tume ya Kurekebisha Sheria Tanzania.

Waheshimiwa,

Tunaandika kuhusu mtu ambaye kwenye faili la ajali huwa hana jina. Ni mzazi, mume au mke aliyekuwa kando ya barabara, akaona gari likimgonga mtu wake. Yeye mwenyewe hakuchubuka hata ukucha. Lakini miezi mitatu baadaye hawezi kuvuka barabara, anashtuka kila akisikia breki, na usiku anaamka akimwita mtoto. Sheria inamruhusu adai fidia kwa jina lake mwenyewe, kando na dai la aliyegongwa. Hapa Dar dai hilo hufa mapema, na yanayouawa na karatasi ni mengi kuliko yanayouawa na sheria.

Sisi ni mawakili, wataalamu wa afya ya akili na wakadiria hasara ambao mafaili haya ndiyo kazi yetu. Ili tusiongee hewani, tuchukue mfano wa kutunga.

Mbagala Rangi Tatu, mchana. Mtoto wa miaka 9 anatoka shule, amesimama nje kabisa ya lami akisubiri kuvuka. Foleni imeshika, dereva wa daladala anatanua, anamgonga. Mama yake ana banda la chakula upande wa pili, mita kama 20, anapakua maharage. Anasikia breki, anageuka, anaona mtoto akirushwa. Anaacha upawa kwenye sufuria, anakimbia, anamwingiza kwenye bajaji kwenda Hospitali ya Temeke, na jioni wanahamishiwa MOI kwa sababu paja limevunjika na kichwa kimeumia. Baba, mfanyabiashara wa Kariakoo, anapigiwa simu na kufika Temeke muda wa saa mbili baada ya ajali. Anamkuta mtoto hajasafishwa, sare imejaa mchanga na damu. Bibi mzaa mama, ambaye ndiye anayemlea mtoto siku zote, alikuwa bandani na binti yake, akaona kila kitu. Kaka mkubwa yuko Mwanza. Yeye aliona video iliyorushwa kwenye kundi la WhatsApp kabla hata hajapigiwa simu.

Watu wanne, ajali moja. Nani kati yao ana dai?

Mahakama zetu hupokea kanuni za Uingereza kupitia Sura ya 358 ya sheria zetu, inayotaja tarehe 22 Julai 1920 kama ukomo. Zilizoamuliwa huko baada ya hapo si amri kwetu, ila mahakama huzisikiliza kama ushauri wenye uzito. Tarehe hiyo ina maana kubwa kwa mama wa Mbagala. Mwaka 1901, katika kesi ya Dulieu dhidi ya White, jaji alikubali kwamba mshtuko wa akili unaweza kulipwa, lakini akauwekea mpaka: mdai awe ameogopa kwa ajili ya nafsi yake mwenyewe. Mpaka huo ulivunjwa mwaka 1925 katika Hambrook dhidi ya Stokes. Lori liliachwa juu ya mtaa wenye mteremko bila dereva, likaanza kushuka lenyewe. Mama aliliona likija kutoka upande ambao watoto wake walikuwa wamekwenda muda mfupi uliopita. Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilisema hofu kwa ajili ya mtoto nayo inatosha, mradi itokane na kile alichokitambua mwenyewe na si habari alizoletewa. Wakili wa bima aliye makini anaweza kusimama mbele ya hakimu na kusema kwamba 1925 iko nje ya 1920, hivyo sisi tumebaki na ya 1901. Hoja hiyo tunaiona dhaifu, lakini hatuoni kwa nini kila mama aanze kuipigana upya. Kifungu kimoja cha sheria kingeimaliza.

Baada ya hapo masharti yalijengeka hatua kwa hatua, na leo mdai hupimwa kwa mambo manne: ana ugonjwa wa akili unaotambulika na daktari, ana uhusiano wa karibu wa mapenzi na aliyeumia, alikuwepo kwenye ajali au kwenye hali iliyofuata papo hapo, na aliiona au kuisikia kwa hisia zake mwenyewe.

Mama anapita yote akiwa na cheti cha daktari. Baba anasaidiwa na McLoughlin dhidi ya O'Brian, kesi iliyoamuliwa mwaka 1982 na Baraza la Malodi, lililokuwa mahakama ya juu kabisa ya Uingereza. Humo mama alifika hospitali muda wa saa mbili hivi baada ya ajali, akawakuta mume na watoto bado wana uchafu na oili ya barabarani. Ikaonekana kwamba ajali bado "inaendelea" mbele ya macho yake. Kinachopimwa hapo ni hali ya mgonjwa zaidi ya saa ya ukutani. Baba wa Kariakoo angefika kesho yake, mtoto ameshaogeshwa, amefungwa plasta na kulala, tusingemshauri apoteze nauli kumwona wakili kwa dai hili. Kaka wa Mwanza hana dai, hata kama ndiye anayeumwa kuliko wote. Kesi za maafa ya uwanja wa mpira wa Hillsborough, zilizoamuliwa mwaka 1991, zilikataa walioona kwenye televisheni, na hatuoni jinsi simu itakavyopata nafasi ambayo televisheni iliikosa.

Anayetusumbua ni bibi. Kwa kanuni hiyo ya 1991, ukaribu wa mapenzi unachukuliwa kuwapo kwa mzazi, mtoto, mume, mke na mchumba. Wengine wote, akiwemo ndugu wa tumbo moja, wanatakiwa kuuthibitisha kwa ushahidi. Huko labda inaingia akilini. Mbagala, bibi ndiye anayemwamsha mtoto, ndiye anayesaini daftari la shule, na jina lake ndilo lililoandikwa kliniki. Anaweza kuthibitisha, ndiyo, kwa barua ya mwalimu, kadi ya kliniki na barua ya serikali ya mtaa. Tume ya Kurekebisha Sheria tunaiomba ipendekeze kwamba mlezi anayeishi nyumba moja na mtoto ahesabiwe sawa na mzazi, na mwenye kupinga ndiye alete ushahidi.

Sasa turudi barabarani, maana ndiko faili linakoharibikia.

Askari wa trafiki anapofika kupima na kuchora ramani ya ajali, mama yuko kwenye bajaji, mtoto mapajani. Askari anaandika mashahidi waliobaki: mwendesha bodaboda, muuza maji, kondakta. Hao ndio wanaosaidia kuthibitisha kosa la dereva, hivyo askari hajakosea. Lakini miezi sita baadaye mama anapodai kwamba aliona, faili lote la polisi halina hata mstari mmoja unaomtaja. Ofisa madai anauliza swali la halali kabisa: tutajuaje alikuwepo? Akienda kituoni kuomba PF3 kwa ajili yake mwenyewe, anaulizwa ameumia wapi. Hana pa kuonyesha.

Dawa yake haihitaji bajeti, Kamanda. Kwenye maelezo ya ajali iongezwe sehemu fupi: ndugu wa majeruhi waliokuwepo, uhusiano wao, walisimama wapi, waliona au walisikia tu. Kwenye ramani ya ajali iwekwe alama mahali ndugu aliposimama, na umbali upimwe kwa mkanda uleule unaopimia alama za breki. Kama ndugu ameondoka na majeruhi, mpelelezi amchukue maelezo ndani ya siku chache, siku ileile anayokwenda hospitali kumwona majeruhi. Maelezo yaandikwe kwa maneno yake. "Nilisikia breki nikageuka nikamwona hewani" ina uzito ambao "nilishuhudia ajali" haina, kwa sababu ya kwanza inaonyesha ni hisia gani iliyopokea tukio na kwa mpangilio gani.

Hospitali nayo inaweza kuokoa dai bila kujua. Kitabu cha mapokezi kikiwa na jina la aliyemleta mgonjwa na saa aliyofika, huo ni ushahidi wa siku ileile ambao hakuna atakayesema ulitungwa baadaye. Kwa baba, muuguzi akiandika kwamba alifika kabla mgonjwa hajasafishwa, mstari huo mmoja unaweza kuamua dai zima.

Mganga Mkuu, hapa ndipo tunapoona makosa mengi zaidi. Mama anakwenda zahanati wiki ya pili akisema halali. Anaandikiwa kukosa usingizi, anapewa diazepam, anarudi nyumbani. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2013, linashauri dawa za kundi hilo zisitolewe kutibu dalili za mfadhaiko za mwezi wa kwanza baada ya tukio la kutisha. Kwenye faili madhara ni mawili: mgonjwa hajapona, na rekodi yake inasema kukosa usingizi, jambo ambalo mahakama hailifidii. Neno "mshtuko" peke yake halisaidii pia, wala "msongo". Mwezi wa kwanza watu wengi huwa na ndoto mbaya na woga, na wengi hutulia wenyewe. Kwa hiyo tathmini yenye nguvu hufanyika baada ya mwezi mmoja kupita, na iandike ugonjwa kwa jina na kwa namba yake. Kwenye orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la ICD-11, ugonjwa wa mfadhaiko baada ya kiwewe ni 6B40. Daktari aonyeshe mambo matatu: tukio linamrudia mama kana kwamba linatokea sasa hivi, anakwepa vinavyolikumbusha, na mwili wake unaishi kama hatari bado ipo. Kisha aonyeshe kazi imeathirikaje. Mama aliyekuwa akivuka barabara mara kumi kwa siku kufuata maji na mkaa, na sasa anamtuma jirani, ameeleza ugonjwa wake vizuri kuliko alama za dodoso lolote.

Huzuni ya kawaida hailipwi, na daktari asijaribu kuivalisha jina la ugonjwa ili kumsaidia mtu. Tofauti hii imewahi kufanyiwa kazi kwa uangalifu katika Hinz dhidi ya Berry. Familia ilisimamisha gari kando ya barabara huko Kent, Uingereza, mwezi Aprili 1964. Mama alivuka na mtoto mmoja kuchuma maua, akasikia kishindo nyuma yake, akageuka: gari lingine lilikuwa limewavamia mume na watoto waliobaki upande ule. Mume alikufa. Mahakama ya Rufani ya huko mwaka 1970 iliacha nje uchungu wa kufiwa, wasiwasi wa kulea watoto peke yake na ugumu wa maisha, ikabakiza sonona iliyotokana na kuiona ajali, na kuidhinisha pauni 4,000 kwa hiyo peke yake. Ripoti ya daktari wa Dar inapaswa kufanya kazi hiyohiyo: kiasi gani kingekuwepo hata kama mama asingeona, na kiasi gani kimetokana na kuona. Ripoti isiyotenganisha huangushwa na wakili wa bima kwa maswali mawili.

Tukija kwenye bima yenyewe, Kamishna, shida iko kwenye neno moja. Sura ya 169 inalazimisha kila gari liwe na bima ya kulipia kifo au jeraha la mwili la mtu wa tatu, ile tunayoiita bima ndogo. Sheria imeandikwa kwa Kiingereza, na maofisa madai huuliza: akili ni mwili? Wanaojua zaidi huleta uamuzi wa mwaka 2002 wa Baraza la Malodi kuhusu abiria wa ndege, uliosema kwamba jeraha la mwili haliingizi ugonjwa wa akili peke yake. Uamuzi huo ni wa kweli, ila ulikuwa unasoma Mkataba wa Warsaw wa 1929, na majaji walitafuta mataifa yaliyoutia saini yalikusudia nini. Haukugusa bima za magari. McLoughlin na Hinz zote zilikuwa kesi za ajali za barabarani, na ugonjwa wa akili ulifidiwa ndani yake kama madhara mengine yoyote ya mtu.

Tunaomba waraka wa Kamishna useme kwamba, kwa madhumuni ya Sura ya 169, jeraha la mwili ni pamoja na ugonjwa wa akili uliothibitishwa na daktari. Na kwa kuwa tangu 2021 Kiswahili ndicho lugha ya sheria zetu, wanaotafsiri Sura ya 169 wawe macho. Wakiandika "maumivu ya mwili" watakuwa wamefunga mlango kwa kalamu, bila Bunge kujua lilichopitisha. "Madhara ya mwili au ya akili" ingetosha.

Hesabu nayo ina mtego. Tuseme mama wa Mbagala alikuwa akibakiwa na shilingi 20,000 kwa siku, siku 6 kwa wiki, na banda likafungwa wiki 14. Wengi huandika shilingi 1,680,000 na kupeleka. Lakini wiki 5 za mwanzo alikuwa wodini akimuuguza mtoto, na angefunga banda hata kama akili yake ingekuwa salama. Hizo, shilingi 600,000, ni gharama ya uangalizi na mahali pake ni kwenye dai la mtoto. Zinazobaki ni wiki 9, sawa na shilingi 1,080,000, na hizo ndizo zake. Akiziweka zote kwenye dai lake na mtoto naye akadai uangalizi, mkadiria hasara ataona fedha ileile imedaiwa mara mbili, na kuanzia hapo hataamini ukurasa wowote. Hasara ya namna hii lazima itajwe kiasi kwenye madai na kuthibitishwa. Mama ntilie hana vitabu vya mhasibu, ila ana daftari la wadeni, miamala ya simu, na risiti za gunia la mchele na mkaa. Miezi mitatu kabla ya ajali na miezi mitatu baada yake ikiwekwa pamoja, pengo linaonekana lenyewe. Fidia ya ugonjwa wenyewe haina orodha ya bei, hukadiriwa na mahakama.

Kuna mahali hatuwezi kumsaidia mtu, na ni vizuri kusema mapema. Dai hili linasimama juu ya kosa la dereva. Akithibitika hana kosa, linaanguka pamoja na la mtoto. Na kama aliyeumia ndiye aliyejisababishia, mfano kijana aliyeingiza bodaboda kwenye njia ya mwendokasi akagongwa na basi lililokuwa kwenye haki yake, mzazi aliyeona hawezi kumdai mwanaye wala bima yake. Uingereza ililiamua hilo mwaka 2000 katika Greatorex dhidi ya Greatorex. Dereva akitiwa hatiani kwenye kesi ya trafiki, kwa upande mwingine, mama apate nakala ya hukumu iliyothibitishwa. Kifungu cha 43A cha Sheria ya Ushahidi, kwa namba za toleo la zamani, kinaifanya hukumu hiyo kuwa uthibitisho wa mwisho wa hatia muda wa rufaa ukishapita. Asiingoje hadi apitwe na muda wake mwenyewe, kwani dai la madhara lina miaka 3 tu, na kesi ya trafiki inayoahirishwa kila mwezi inaweza kula nusu yake.

Jambo la mwisho ndilo linalofuta madai mengi kimyakimya. Kampuni ya bima ikikubali kulipa dai la mtoto, humwita mama asaini kwa niaba yake hati ya kumaliza madai. Hati hiyo kwa kawaida husema mpokeaji ameachilia "madai yote yanayotokana na ajali hii". Mama anasaini kama mlezi, anapokea hundi ya mtoto, na kwa sahihi hiyohiyo anaambiwa baadaye kwamba alishafuta dai lake mwenyewe ambalo hakuna aliyemwambia kuwa lipo. Tunaomba waraka uzitake kampuni zote kuandika juu ya nafasi ya sahihi, kwa Kiswahili na kwa herufi zinazosomeka: "Ninasaini kwa niaba ya mtoto aliyetajwa hapo juu tu. Sahihi hii haigusi dai langu mwenyewe." Na chini yake kuwe na visanduku viwili vya kuweka alama, kimoja cha aliyeiona ajali au kufika papo hapo, kingine cha asiyekuwepo.

Kwa heshima,

Mawakili, wataalamu wa afya ya akili na wakadiria hasara
Dar es Salaam